"Ni sabini tu kwa siku"

Shikamoo Mwalimu. Mimi huuza viatu vya mitumba Gikomba na naishi Pipeline. Kamera ya simu yangu imekufa, na wateja siku hizi hawaji mpaka uwatumie picha kwenye WhatsApp. Kuna duka hapa steji linatoa simu za kulipa polepole: diposti 3,000, halafu shilingi 70 kila siku kwa mwaka mmoja. Kijana wa duka ananiambia hiyo ni chai na mandazi tu. Nilipomuuliza bei ya keshi akasema 22,000, kwa hivyo eti naongeza kidogo tu. Simu kama hiyo nimeiona mjini Luthuli ikiuzwa 15,500, lakini mimi nina 3,000 pekee. Chama chetu hukopesha, ila riba ni asilimia 10 kwa mwezi kwa deni lililobaki, na mimi riba naiogopa. Hii ya duka haina riba. Bwanangu anasema nichukue. Dada yangu anasema nitajuta, lakini hawezi kunieleza kwa nini. Ofa inaisha Jumamosi. Nifanyeje?

Mama Brayo, Pipeline

Marahaba, Mama Brayo. Dada yako ana haki ya kuogopa, na nitajaribu kumsaidia maneno. Tafuta kalamu na kipande cha karatasi, maana hesabu hii ukiifanya kwa mkono wako mwenyewe hutaisahau, na mzee ukimwonyesha karatasi hatabishana nayo.

Sabini mara siku 365 ni 25,550. Ongeza ile 3,000 ya kwanza, unapata 28,550. Hiyo ndiyo bei ya simu. Sabini si bei, ni kipimo cha kumeza, kama vile mtu hawezi kula ng'ombe mzima kwa siku moja lakini akikatiwa nusu kilo kila jioni atammaliza, na asijue amekula ng'ombe. Kijana wa duka amefundishwa kutaja nusu kilo. Simlaumu, ndiyo kazi yake.

Sasa tuje kwenye ile 22,000, kwa sababu hapo ndipo ulipochezewa. Ukilinganisha 28,550 na 22,000 unaona nyongeza ya 6,550, na kwa mwaka mzima wa kukaa na simu mtu anaweza kusema si mbaya. Lakini bei ya keshi ni ile ambayo mtu mwenye keshi mkononi anailipa kweli. Jiulize, nani hapo Pipeline mwenye 22,000 mfukoni atainunua simu hiyo steji, na basi la kwenda mjini linapita mbele ya mlango? Duka ambalo kazi yake ni kuuza kwa kulipa polepole linaweza kuandika bei ya keshi linayotaka, kwa kuwa haiulizwi na wanunuzi bali na watu kama wewe wanaotaka kulinganisha. Imewekwa pale ili pengo lionekane dogo. Bei yako ya keshi ni ile ya Luthuli, 15,500, na pengo lako ni 13,050.

Kabla hujaikubali hesabu hiyo, hakikisha ni simu moja kweli. Hili watu hulikosea kila siku, na wauzaji wa pande zote mbili wanalijua. Simu mbili zinaweza kufanana sura, rangi hata jina, kumbe moja ni 4/64 na nyingine ni 4/128, yaani ya pili ina nafasi ya kuhifadhi vitu mara mbili, na hapo bei inatofautiana kwa haki. Omba uone boksi la pale steji, upige picha kibandiko cha ubavuni chenye jina kamili la modeli na hizo namba, kisha uende na picha hiyo Luthuli. Uliza pia warantii ni ya miezi mingapi na unairudisha wapi ikiharibika. Kama duka la steji limeweka ndani ya bei bima ya wizi au bando za kila mwezi, waambie wakutajie kwa shilingi na uzitoe kwenye 13,050, lakini zitoe tu kama ungezinunua kwa pesa yako mwenyewe. Kitu ambacho usingekinunua si punguzo.

Tuseme simu ni ileile. Sasa swali ninalotaka ulifikirie ni hili: hiyo 13,050 unanunua nini? Simu si jibu, simu ni 15,500. Kuna kitu kingine unachonunua, na nitakuonyesha ni nini.

Una 3,000. Kufika 15,500 unapungukiwa na 12,500. Ukiziweka zile sabini kila siku mahali ambapo huwezi kuzigusa, iwe kwa mweka hazina wa chama, iwe kwenye akaunti ya akiba ya kufungwa kwenye simu, iwe hata kwa dada yako anayekuombea mema, 12,500 inatimia siku ya 179. Ni karibu miezi sita. Siku hiyo unapanda gari, unaingia Luthuli, unalipa na kutoka na boksi, na sabini ya kesho yake ni yako. Ukipita njia ya steji, siku hiyo ya 179 bado una siku 186 za kulipa. Kwa hiyo wanachokuuzia ni miezi sita ya kuwa na simu mapema. Simu yenyewe utaipata njia zote mbili, ila hizo siku 179 ndizo zinazouzwa 13,050. Gawanya, kila siku moja ya kuwahi inakugharimu shilingi 73 hivi, tena juu ya bei ya simu.

Mtu akiniuliza kama kulipa polepole ni wizi, namjibu kwa hesabu hiyo. Kama simu ni ya kutazama video jioni, 73 kwa siku ni ghali kupindukia, subiri. Kama simu inaingiza pesa, ni hesabu ya biashara. Wewe unajua faida yako kwa jozi, mimi sijui, lakini tuchukue 150 baada ya kutoa bei ya bunda, nauli na kodi ya meza. Basi picha za WhatsApp zikikuuzia jozi moja ya ziada kila siku mbili, ambayo usingeiuza bila picha, umeifidia ile 73 na hujapata kitu. Faida inaanzia jozi inayofuata. Angalia hilo neno "ya ziada". Mteja ambaye angekuja tu Jumamosi hata bila picha usimhesabu. Keti na daftari, andika ni wangapi mwezi uliopita walikuomba picha ukashindwa, na wangapi kati yao walinunua kwa mwingine. Ukiona ni kumi na tano na zaidi kwa mwezi, una hoja. Ukiona ni wanne, huna.

Tuje kwenye riba unayoiogopa. Mama Brayo, hapa ndipo nilipocheka kidogo, si kukudharau, ni kwa sababu nami nilidanganyika vilevile nikiwa mwalimu wa somo la biashara, nafundisha watoto riba ubaoni. Mwaka 1998 ajenti wa duka moja la fanicha alikuja shuleni na picha za makabati ya ukutani. Walimu tulipenda sana vitu vya kukatwa kwenye mshahara, kwa kuwa pesa inaondoka kabla hujaiona. Shilingi 780 kwa mwezi, miezi 24. Hakuna aliyetaja riba, na mimi sikuuliza. Miaka miwili baadaye, kabati limeshaanza kulegea milango, nilizidisha 780 mara 24 nikapata 18,720. Fundi mmoja wa kando ya Barabara ya Ngong alikuwa ametaka 9,500 kwa kabati kama lile, mbao nzito zaidi. Payslipu ilikuwa ikionyesha 780 kila mwezi, haikuwahi kuonyesha jumla. Mke wangu alilifunika kabati lile kitambaa mpaka tulipolitoa, na nadhani alikuwa akinifunika mimi.

Riba isipotajwa haina maana kwamba haipo. Iko ndani ya ile sabini. Tuitafute. Duka limekukopesha nini? Si 25,550. Simu ni 15,500, umelipa 3,000, kwa hiyo limekukopesha 12,500. Unarudisha sabini kwa siku, yaani 2,100 kila siku thelathini. Chukua sasa mkopo wa chama wa 12,500 hiyohiyo, kwa ile asilimia 10 inayokutisha, na ulipe 2,100 hiyohiyo kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 1,250, deni linakuwa 13,750, unalipa 2,100, unabaki na 11,650. Mwezi wa pili riba ni 1,165, si 1,250 tena, kwa kuwa deni limepungua. Unalipa 2,100, unabaki na 10,715. Ukiendelea hivyo, mwezi wa tisa deni linabaki 957, na mwezi wa kumi unamalizia na kama 1,053. Umelipa kwa jumla 19,953. Riba yote ni 7,453.

Weka hiyo kando ya duka. Kwa chama, 2,100 kwa mwezi inakumaliza deni ndani ya miezi kumi, na malipo ya mwisho ni nusu. Kwa duka, 2,100 ileile inakwenda mwaka mzima. Gharama ya chama ni 7,453, ya duka ni 13,050. Riba iliyofichwa kwenye sabini inapita asilimia 13 kwa mwezi ukiihesabu kwa deni lililobaki, kama chama kinavyohesabu. Ulikuwa unaikimbia kumi ukaiangukie kumi na tatu, kwa sababu ile ya kumi imeandikwa kwenye katiba ya chama na hii haijaandikwa popote.

Nakuonya kwa jambo moja tu hapo. Umeniambia chama kinahesabu kwa deni lililobaki. Muulize tena mweka hazina akiwa na kitabu mkononi. Kuna vyama ambavyo asilimia 10 ni ya mkopo wa mwanzo kila mwezi mpaka umalize, yaani 1,250 mwezi wa kwanza na 1,250 mwezi wa mwisho. Kwa miezi kumi hiyo ni 12,500 ya riba, na hapo chama na duka ni baba mmoja mama mmoja. Njia rahisi ya kujua ni kumwomba mwanachama aliyemaliza mkopo akuonyeshe ukurasa wake: kama safu ya riba inashuka mwezi kwa mwezi, mko salama.

Sasa kuna mambo ambayo hesabu haiyasemi. La kwanza ni kufungwa kwa simu. Simu za aina hii zina programu ya duka ndani yake. Siku ambayo malipo hayajaingia, skrini inakuja na ujumbe wa kampuni na huwezi kufanya kingine. Usidanganywe na vijana wa mjini kwamba wataifuta irudi kama mpya. Kufuli haliko pamoja na picha zako na namba zako, limefungwa kwenye simu yenyewe, na ukiifuta itawaka tena ikiulizia deni. Fikiria mwezi wa Aprili, mvua, matope Gikomba mpaka kwenye magoti, siku tatu hujauza hata ndala. Siku hizo tatu ndizo ungehitaji zaidi kutuma picha, na ndizo simu itakuwa imefungwa. Kwa mikataba mingi, siku uliyokosa hutozwi faini, inasogezwa tu mbele, kwa hiyo "mwaka mmoja" ni siku 365 zilizolipwa, si mwaka wa kalenda. Watu humaliza mwezi wa kumi na tano. Uliza kama yako ni hivyo au kuna faini.

Ukiichukua, basi usitupe simu yako ya sasa. Duka linafunga simu, halifungi laini. Ukitoa laini na kuiweka kwenye simu hiyo ya zamani, M-Pesa yako inafanya kazi kama kawaida na wateja wanakupata kwa sauti. Wapo waliokwama na pesa ya mzigo kwenye laini kwa sababu hawakulijua hilo.

La pili ni wizi. Wewe unapita Gikomba na unakaa dirishani kwenye matatu, sina haja ya kukueleza. Simu ya keshi ikiibwa umepoteza simu. Ya kulipa polepole ikiibwa siku ya 100, umeshalipa 10,000, huna simu, na kama hakuna bima kwenye mkataba bado unadaiwa 18,550. Usikubali jibu la mdomo hapo. "Usijali mama, tutaongea" si bima.

La tatu ni dogo lakini linakula kimya. Kila unapolipa, soma ujumbe wa M-Pesa hadi mwisho, kwenye "Transaction cost". Ikiwa ni Ksh0.00, endelea. Ikiwa unakatwa hata shilingi 5 kila siku, kwa mwaka ni 1,825, na hakuna aliyekuhesabia. Hapo ni afadhali ulipe mara moja kwa wiki, mapema, badala ya kila siku.

Kuhusu karatasi. Kenya tuna sheria ya zamani ya mali inayonunuliwa kwa kukodi, Sura ya 507, na inagusa fanicha na vyombo vya nyumbani kuliko watu wanavyojua. Ikiwa mkataba ni wa namna ambayo mali inabaki ya duka mpaka malipo ya mwisho, mwenye duka anapaswa kukujulisha bei ya keshi kwa maandishi kabla hujaingia kwenye mkataba, na mkataba wenyewe uonyeshe bei ya keshi, jumla ya bei ya kulipa polepole, na kila malipo ni kiasi gani na lini. Tena, ukishalipa theluthi mbili ya jumla, hawezi kuja kubeba sofa sebuleni bila kwenda mahakamani. Simu nyingi haziuzwi kwa mkataba wa namna hiyo, zinatolewa kama mkopo wa kampuni ya fedha iliyo nyuma ya duka, na sheria hiyo haitakufaa sana. Ndiyo maana soma jina lililo juu ya mkataba: ni la duka, au ni la kampuni nyingine usiyoijua? Mara nyingi mkataba wote umo ndani ya simu, unabonyeza "I Accept" ukiwa umesimama kaunta na watu watatu nyuma yako. Mwambie kijana akuruhusu ukae kwenye kiti usome. Akikataa, umepata jibu lako bure.

Ukiwa pale, usiulize maswali mengi. Mwambie hivi: "Kijana wangu, niandikie hapa jumla yote nitakayokuwa nimelipa siku simu ikiwa yangu." Umpe karatasi na kalamu, unyamaze. Wauzaji wengi watarudi kwenye sabini. Mrudishe kwenye jumla. Kisha muulize la pili: "Nikipata pesa baada ya miezi sita nikataka kumaliza, nitalipa ngapi?" Kama jibu ni siku zilizobaki mara sabini, basi hakuna nafuu ya kumaliza mapema, na hata zamu yako ya chama ikifika ukamaliza deni haraka, haitapunguza hata shilingi. Kama wanapunguza, waandike kiasi na wapige muhuri.

Niseme ningefanyaje mimi. Ofa ya Jumamosi ningeiacha ipite. Duka linalouza simu kwa 28,550 iliyo Luthuli kwa 15,500 halitakosa ofa nyingine Jumamosi ijayo. Ningeenda kwa mweka hazina kuhakikisha ile riba inashuka, na ikishuka, ningekopa 12,500, nikaongeza 3,000 yangu, nikanunua keshi. Ile gharama ya kuwahi inashuka kutoka 73 hadi kama 42 kwa siku, yaani jozi moja ya ziada kila siku tatu au nne. Hiyo kwa meza ya Gikomba naiona inawezekana. Weka sabini kando kila siku kama vile duka linakudai, upeleke 2,100 kwa chama kila mwezi bila kusubiri kuulizwa, maana wamama wa chama hawana kufuli la skrini, wana midomo.

Ikiwa chama kinatoza ya mwanzo kila mwezi, usikope popote. Weka akiba, na kwa sasa tafuta njia ya picha. Dada yako ana simu? Akupigie picha jozi kumi jioni moja, azitume kwenye kundi lako, umlipe chakula cha mchana. Ukiona katika wiki tatu picha hizo hazijaleta wateja, umeokoa pesa nyingi kwa sahani chache za githeri. Ukiona wamekuja mpaka dada amechoka kupokea simu zao, njoo tuhesabu upya.

Kulipa polepole steji ningekubali kwa hali moja tu: daftari lako linaonyesha wateja wengi unaowapoteza, chama kimekataa kukukopesha, na duka limekuandikia jumla, bima na habari ya kumaliza mapema. Hapo utakuwa umenunua siku 179 ukijua bei yake, na hilo ni jambo la mfanyabiashara. Tunza kila ujumbe wa malipo. Ukibadilisha simu na ujumbe ukapotea, taarifa ya M-Pesa unaipata kwa *334#, na siku ya mwisho wadai ujumbe unaosema umemaliza. Usiondoke kaunta mpaka ile programu yao imetolewa kwenye simu na umeizima na kuiwasha ukaona haiwaki tena na jina lao.

Na ukifika Luthuli na keshi yako, jihadhari na ile ya "bei ya rafiki" inayouzwa ngazini bila boksi kwa 9,000. Baadhi ya hizo ni simu za kulipa polepole ambazo wenyewe wameshindwa au wameibiwa. Itafanya kazi wiki moja, kisha itakuletea deni la mtu usiyemjua. Chukua iliyofungwa kwenye boksi, ifunguliwe mbele yako, bonyeza *#06# uone kama namba inayotokea ndiyo iliyo kwenye boksi, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye risiti kwa mkono wa muuzaji, si yako.